Nilivyouandika Upya Ujumbe wa Kunyonyesha

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii upande wa Mabibo na Manzese, wilaya ya Ubungo. Kazi inayoonekana ni kupita nyumba kwa nyumba. Ipo nyingine isiyoonekana sana: vikundi vya akina mama huniletea ujumbe wa malezi wanaotaka kuusoma kwenye kikao au kutumiana kwa simu, niupitie kabla haujatoka. Wengine hudhani nitasahihisha maneno tu. Kwa kweli muda wangu mwingi huishia kwenye jambo moja, nalo ni kutafuta mahali ambapo mwandishi ameweka lawama, kisha kujiuliza ni maelekezo gani yalitakiwa kukaa hapo. Nimepitia jumbe nyingi, na karibu kila lawama niliyoikuta ilikuwa imekaa pale ambapo mwandishi hakujua jambo hilo linafanyikaje.

Nitaeleza ujumbe mmoja kwa kirefu. Uliletwa na katibu wa kikoba cha wanawake wanaofanya biashara soko la Mabibo. Ulisema hivi:

"Akina mama tujitambue! Mtoto wa chini ya miezi sita hapewi kitu chochote zaidi ya ziwa la mama yake, hata maji. Lakini wapo wanaowashindilia watoto maji na uji ili wao wawahi biashara. Pesa itakuja, mtoto akifa harudi. Ukimwona mtoto amekonda ujue mama yake hakutulia. Mama mwenye uchungu na mwanawe hakosi muda wa kunyonyesha. Tuache visingizio."

Katibu aliandika kwa nia njema. Mtoto wa jirani yake alikuwa amelazwa kwa kuhara, na moyo ulimuuma. Hoja yake kuu nayo ni sahihi kabisa: miezi sita ya mwanzo ni maziwa ya mama peke yake. Sikutaka kuilegeza hata kidogo, maana upo uandishi mwingine unaokimbia lawama kwa kuuficha ukweli. Ule unaosema kila mama afanye anavyoweza, maji kidogo si neno. Huo unampendeza msomaji na kumwacha mtoto na tumbo la kuhara.

Kitu cha kwanza ninachofanya ni kusoma sentensi moja moja na kuuliza: mama akiisikia hii, ataondoka na kitu gani cha kufanya? Katika ujumbe ule, sentensi ya pili peke yake ndiyo iliyokuwa na jibu, tena jibu la nusu, kwa kuwa inasema mtoto asipewe nini bila kusema mama anayetoka alfajiri aache nini nyumbani. Zilizobaki zote zinamsema mtu.

Na huyo mtu ni nani? Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 64 ya watoto wa chini ya miezi sita nchini wananyonya maziwa ya mama tu. Maana yake zaidi ya theluthi moja wanapata na kitu kingine. Ukisoma "wapo wanaowashindilia watoto maji" mbele ya wanawake wenye watoto wachanga, si ajabu theluthi ya waliokaa mbele yako wakawa ndio hao. Na sisi wa pwani tunalijua hilo neno "wapo". Ni kijembe. Mtu akisema "wapo" kikaoni, kila mmoja anageuza shingo kutafuta anayesemwa, na anayejijua anaanza kutafuta njia ya kutojulikana. Kesho yake nikipita kwake kumuuliza mtoto anakula nini, atanijibu "ananyonya tu". Hapo nimeshampoteza, kwa sababu siwezi kumsaidia mama kuacha maji ambayo ameniambia hampi mtoto.

Nikaanza na kijembe hicho. Kinasema mama anatoa maji ili awahi biashara. Kuwahi biashara ni kweli. Mwenye kununua ndizi kwa jumla Mabibo anatakiwa awe sokoni mapema, mikungu inaposhushwa, na wengi hutoka nyumbani saa kumi alfajiri. Mtoto anabaki na bibi yake, au dada wa kazi, au jirani. Katibu hakusema huyo anayebaki ampe mtoto nini. Kilichokosekana ni kukamua maziwa, na kukamua hakuelezeki kwa neno moja.

Nilikaa na mama mmoja anayeuza ndizi, aliyefanikiwa kufika miezi sita, nikamwomba anionyeshe siku yake ilivyokuwa. Akaniambia kosa la wenzake ni kusubiri mpaka siku ya kurudi sokoni ndipo wajaribu, wanapata vijiko viwili, wanakata tamaa na kusema maziwa hayatoshi. Yeye alianza wiki mbili kabla. Kila asubuhi baada ya kunyonyesha alikamua kidogo, na siku za mwanzo kilikuwa kidogo kweli, ndivyo inavyokuwa. Ananawa mikono kwa sabuni, anachukua kikombe chenye mdomo mpana kilichosuuzwa kwa maji yaliyochemka. Kidole gumba anakiweka juu ya titi na kidole cha pili chini, pembezoni mwa sehemu nyeusi inayozunguka chuchu. Anasukuma kwanza kuelekea kifuani, kisha anabana na kuachia, anabana na kuachia. Hakamui chuchu yenyewe, wala hatelezeshi vidole kwenye ngozi, kwani ndipo panapouma na maziwa hayatoki. Dakika tatu hadi tano titi hili, kisha lile, halafu anarudia. Yote huchukua kama dakika 20 hadi 30. Ikiuma sana, mkono umekaa vibaya au titi lina tatizo, na hapo ni kwenda kliniki.

Sasa joto la Dar. Maziwa yaliyokamuliwa, yakifunikwa na kuwekwa mahali pa kivuli, yasizidi muda wa saa nne. Ukikamua saa kumi alfajiri kabla ya kutoka, yatumike yaishe ifikapo saa mbili asubuhi. Mama yule alikuwa na hesabu yake: mtoto ananyonya shibe saa kumi, anapewa maziwa ya kikombe kwenye saa moja, na kufikia saa tatu bibi yake anamleta sokoni anyonye, kwani kazi ya jumla inakuwa imepungua. Siku ambazo hawezi kuletwa, anaweka kopo safi la maziwa ndani ya hotpoti yenye barafu ya kununua, na hapo yanakaa zaidi ilimradi barafu haijayeyuka. Mtoto wa umri ule hunywa kwa mara moja kiasi cha robo hadi nusu ya kikombe cha chai. Anaketishwa wima kidogo, kikombe kinagusishwa mdomo wa chini, anaramba mwenyewe. Hamiminiwi. Chupa ya kunyonyea tunaikwepa kwa sababu chuchu yake ni ngumu kusafisha, na mtoto akiizoea anaweza kukataa titi. Kinachobaki kwenye kikombe alichonywea hakirudishwi kwenye kopo.

Hayo yote yalikuwa yamejificha nyuma ya neno "wanawashindilia".

Sentensi ya "mtoto akifa harudi" nilitaka kuiondoa mara moja, kisha nikaona ina kitu ndani. Inatisha bila kueleza. Mama anayetoa maji hatoi kwa kutojali, anatoa kwa kuwa Februari hapa jasho linamtiririka mtoto na kila mtu mzima aliye karibu anasema ana kiu. Mwambie atakufa, atakuona humjui mtoto wake, maana jana kapewa na leo anacheka. Kinachomsaidia ni kujua kinachotokea. Maziwa ya mama kwa sehemu kubwa ni maji, zaidi ya asilimia 80, hivyo mwenye kiu anaongezewa ziwa. Tumbo la mtoto ni dogo. Likijaa maji hanyonyi inavyotakiwa, na titi lisiponyonywa hupunguza kutengeneza maziwa. Wiki mbili baadaye mama anasema maziwa yamekauka, kumbe maji ndiyo yaliyoyapunguza. Na maji yenyewe, au kikombe, au mkono, ndiyo njia ya vijidudu vya kuhara. Nikayaweka hayo kwa ufupi na kuondoa kifo. Hatari imebaki, ila sasa mama anaiona inavyoingia.

Sentensi iliyonisumbua kuliko zote ni ile ya mtoto aliyekonda na mama ambaye "hakutulia". Msomaji wa mbali ataona ni lawama ya kawaida. Mtaani kwetu ina jina: kubemenda. Wapo wanaoamini kuwa mtoto akidhoofika ni kwa sababu baba au mama ametoka nje ya ndoa, au wamekutana kimwili mapema wakati mtoto bado ananyonya. Nimewakuta akina mama wanaomfunga mtoto khanga hata kwa joto kali ili majirani wasione mikono yake, na wanaoacha kwenda kupima uzito kwa kuogopa foleni ya kliniki, kwamba wakimtoa nguo mbele ya wenzao watasemwa. Yaani mtoto anayehitaji mizani kuliko wengine ndiye anayefichwa mbali nayo. Sentensi ya namna hii haina toleo la upole. Nilimwambia katibu tuifute yote, na mahali pake tuweke njia ya mama kujua kama mtoto anashiba: akikojoa mara sita au zaidi kwa siku, usiku na mchana, na mstari wa uzito kwenye kadi yake ya kliniki ukipanda mwezi hadi mwezi, maziwa yanamtosha. Mstari ukilala au kushuka, aende kliniki siku zile zile, asisubiri tarehe ya kwenye kadi.

Katibu alinibishia kidogo. Akasema, "Dada, tukiwabembeleza hawatasikia. Watu wetu mpaka wasemwe." Nilimjibu kwa swali: kati ya wanawake wa kikoba waliowahi kusemwa kwa watoto wao kukonda, ni wangapi wameacha maji, na ni wangapi wameacha kuja kikaoni? Alinyamaza, akasema wawili hawaji tena. Tukaendelea.

"Mama mwenye uchungu hakosi muda." Hapa nilitoka sokoni nikaenda kwenye wale wanaoajiriwa, maana kikoba kina wachache wanaofanya kazi viwanda vya nguo upande wa Mabibo External. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na inamruhusu kuanza likizo wiki nne kabla ya tarehe ya kujifungua. Aliyeanza mapema hivyo anarudi kazini mtoto ana wiki nane tu. Miezi sita iko mbali. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha atumie hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi kumnyonyesha mwanawe. Wengi niliowauliza hawakuwa wanaijua, na haki ya saa mbili ni kitu ambacho mtu anaweza kukiomba kesho asubuhi. Uchungu wa mwana hauombeki kwa msimamizi. Muuza ndizi hana mwajiri wa kumwomba, kwa hiyo yeye nilimwekea jambo lingine: usiku. Mtoto anyonye usiku kila anapotaka, kwani kunyonya usiku ndiko kunakochochea zaidi maziwa ya kesho.

Yalibaki mapengo mawili ambayo hayakuwa na sentensi kabisa.

La kwanza, ujumbe ulikuwa hauna mlango kwa aliyekwisha kuanza kutoa maji. Ulimwambia amekosea ukamwacha hapo. Mtu akiona amekwisha haribu, anaendelea. Kumbe mtoto wa miezi mitatu aliyezoea maji anaweza kurudishwa kwenye ziwa peke yake. Maji yanaachwa, ananyonyeshwa mara nyingi zaidi, na kwa kawaida maziwa huongezeka ndani ya siku chache. Sentensi hii niliiweka juu, siyo mwisho, kwa sababu mwenye kuihitaji ndiye wa kwanza kuacha kusikiliza.

La pili, ujumbe uliwaambia akina mama peke yao. Saa moja asubuhi, mtoto anapolia, mama yuko sokoni. Mkono ulioshika kikombe cha maji ni wa bibi au wa dada. Tukimlaumu mama kwa kitu kilichofanyika yeye hayupo, anakwenda kugombana na mama mkwe wake usiku, na asubuhi maji yanatolewa kwa siri. Nikaandika ujumbe wa pili, mfupi, wa kumsomea anayebaki na mtoto. Hapa nilijifunza kwa Wazazi Nipendeni, kampeni iliyoanza mwaka 2012, ambapo mtu alituma neno "mtoto" kwenda namba 15001 bila malipo akapokea jumbe kulingana na wiki za mimba au umri wa mtoto. Ujumbe unaomkuta mtu kwenye wakati wake na nafasi yake hauhitaji kupiga kelele.

Nilipomaliza sikumuuliza mtu kama ameupenda. Ukiuliza hivyo unajibiwa ndiyo kwa heshima. Niliwasomea wanawake watano mmoja mmoja, nikawauliza maswali mawili: "Ukirudi nyumbani leo utafanya nini?" na "Unadhani huu ujumbe unamsema nani?" Mara ya kwanza wawili walimtaja jirani. Nilirudi kutafuta, nikakuta niliacha maneno "mama bora hunyonyesha peke yake." Ni sifa, lakini sifa ya mmoja ni kijembe kwa aliyekaa pembeni yake. Vivyo hivyo "hongera kwa mliofanikiwa" na picha ya mtoto mnene ambayo katibu alitaka kuambatanisha. Tukaviondoa. Waliofuata walijibu swali la pili kwa kunitazama na kusema, "Si ananiambia mimi?"

Ujumbe ukatoka hivi:

"Mama, mtoto wako akiwa chini ya miezi sita, ziwa lako linamtosha kwa chakula na kwa maji, hata siku za joto. Kama umeshaanza kumpa maji au uji, unaweza kuacha leo. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, maziwa yataongezeka ndani ya siku chache. Maji hujaza tumbo lake, ananyonya kidogo, na maziwa yanapungua; pia huleta kuhara. Kama unatoka alfajiri, anza kukamua wiki mbili kabla ya kurudi kazini, ukipata kidogo usishtuke. Yaache kwenye kikombe safi kilichofunikwa, yatumike ndani ya muda wa saa nne. Mnyonyeshe kabla ya kutoka, ukirudi, na usiku kila anapotaka. Kama umeajiriwa, sheria inakupa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha, ziombe. Akikojoa mara sita au zaidi kwa siku na uzito ukipanda kwenye kadi, anashiba. Usipopanda, au ukisikia maumivu ya titi, njoo kliniki siku yoyote. Ukishauriwa tofauti na mtaalamu kwa sababu ya afya yako au ya mtoto, fuata ushauri huo. Anayetaka kuonyeshwa kukamua, tubaki baada ya kikao."

Na wa pili:

"Bibi, dada, baba, unayebaki na mtoto: akilia saa moja asubuhi, maziwa ya mama yake yapo kwenye kikombe kilichofunikwa. Nawa mikono kwa sabuni. Kama yamepoa, weka kikombe ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu, usiyachemshe. Mketishe, mgusishe kikombe mdomoni, arambe taratibu. Yakiisha na bado analia, mpigie mama yake au mpeleke anyonye. Maji bado."

Ni mrefu kuliko ule wa kwanza, na katibu alilalamikia hilo. Nilimwambia aukate akitaka, ila asikate kikombe, muda wa saa nne, na mlango wa aliyekwisha kuanza.

Siku uliposomwa, baada ya kikao walibaki wengi kuliko viti. Mama mmoja mwenye mtoto wa miezi minne aliuliza swali ambalo ujumbe haukulijibu: akikaa kwenye meza yake mpaka saa sita, matiti yanajaa na kuuma, na pale sokoni hana pa kuhifadhi maziwa, afanyeje? Wenzake walikuwa wameshamwambia maziwa yaliyokaa titini huharibika. Hayaharibiki. Nilimwambia akamue hapo hapo nyuma ya meza, mwenzake amshikie khanga, hata kama itabidi ayamwage, kwa sababu titi linaloachwa limejaa siku baada ya siku hupunguza maziwa na linaweza kuvimba. Akinyonyesha jioni yatakuwa salama. Katibu aliandika hilo pembeni ya karatasi yake, na sasa ni sentensi ya ujumbe, kati ya ile ya kikombe na ile ya usiku.